Bidhaa ziko stoo, kwa nini benki inazifuta kwenye hesabu?

*Mtaalamu, natunza vitabu vya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kizota, Dodoma. Mizania yetu ya tarehe 30 Juni inaonyesha mali za muda mfupi ni mara 2.1 ya madeni ya muda mfupi. Tumeomba benki nyongeza ya shilingi milioni 25 tununue alizeti wakati bei iko chini. Afisa mikopo akaondoa bidhaa zote kwenye hesabu, akapata 0.6, akasema hatuna ukwasi. Alizeti ni mali yetu, tumeilipia, ipo stoo. Kwa nini anaihesabu kama haipo? Nimeambatanisha mizania na orodha ya stoo.*

Ndugu mtunza vitabu,

Nimeipitia mizania yako pamoja na orodha ya stoo, na jambo la kwanza ninalopaswa kukuambia ni kwamba nyote wawili mmekokotoa sawasawa. Mlichotofautiana ni swali. Wewe umeuliza kama mali zitakazogeuka fedha ndani ya mwaka mmoja zinatosha kulipa madeni yatakayodaiwa ndani ya mwaka huo huo. Yeye ameuliza kama madeni hayo yangelipika iwapo kuanzia kesho asubuhi hamtauza hata dumu moja la mafuta.

Takwimu zako ni hizi. Fedha mkononi na benki ni milioni 9, wadaiwa milioni 27, malipo ya awali ya pango la ghala na bima milioni 4, na bidhaa milioni 86, jumla milioni 126. Upande wa pili mnadaiwa milioni 22 na wakulima pamoja na madalali wa alizeti, milioni 8 za kodi na malimbikizo mengine, na mkopo wa msimu wa milioni 30 unaoiva tarehe 31 Oktoba, jumla milioni 60. Kwa hiyo:

```
Uwiano wa muda mfupi = 126 / 60 = 2.1
Uwiano wa haraka     = (126 - 86 - 4) / 60 = 36 / 60 = 0.6
```

Utaona kwamba afisa hakuondoa bidhaa peke yake. Ameondoa na yale malipo ya awali, na hapo ana haki, kwa sababu pango mlilokwisha kulipa litawapa nafasi ya ghala, wala halitarudi kuwa fedha ya kumpa mkulima. Wapo wanaoondoa bidhaa tu. Kwao jibu lingekuwa 40 kwa 60, yaani 0.67. Ukilinganisha uwiano wa viwanda viwili au wa miaka miwili, hakikisha kwanza kwamba kanuni iliyotumika ni moja.

Sasa bidhaa zenyewe. Mizania inaweka katika fungu moja kila mali inayotarajiwa kugeuka fedha ndani ya miezi 12, au ndani ya mzunguko wa kawaida wa biashara husika, na ndani ya fungu hilo shilingi iliyoko benki na shilingi iliyofungwa ndani ya gunia zinajumlishwa kana kwamba ni kitu kimoja. Uwiano wa kwanza hauzitofautishi. Jaribu hili kwenye karatasi: nunua leo magunia 100 kwa fedha taslimu, kwa shilingi 65,000 kila moja. Fedha inapungua kwa milioni 6.5, bidhaa zinaongezeka kwa milioni 6.5, jumla inabaki 126, na uwiano wako wa muda mfupi unabaki 2.1 bila kutikisika. Lakini fedha mliyobaki nayo ni milioni 2.5, na uwiano wa haraka umeshuka hadi 0.49. Nikitazama tarehe za manunuzi katika orodha yako, naona hilo ndilo lililotokea hatua kwa hatua tangu katikati ya Mei: kila wiki fedha ilihamia stoo, na kila wiki uwiano ulioutegemea ulikuambia kwamba hakuna kilichobadilika.

Tulifuate gunia moja tuone njia yake ya kurudi kuwa fedha. Umeandika kwamba mashine yenu hukamua magunia 8 kwa siku na kwamba mnafanya kazi siku 26 kwa mwezi, yaani magunia 208. Yaliyopo stoo ni 900. Hata umeme usipokatika na mashine isipoharibika, gunia la mwisho katika msongamano huo litaingia kinuni karibu na katikati ya Novemba. Mafuta yake yatatulia, yatachujwa, yatajazwa kwenye madumu, kisha yatapelekwa kwa wenye maduka ambao, kwa maelezo yako mwenyewe, huwapa siku 30 za kulipa. Fedha ya gunia hilo mtaishika katikati ya Desemba. Mdaiwa yuko hatua moja kutoka kwenye fedha, kwani amekwisha kuchukua mali na anachobakiza ni kulipa. Alizeti iko hatua tatu: ikamuliwe, iuzwe, ilipiwe, na kila hatua inategemea mtu au kitu usichokiamrisha wewe. Huo ndio msingi wa kuiacha nje ya kipimo kikali, na haina maana kwamba alizeti haina thamani.

Najua utajibu kwamba mkibanwa mnaweza kuiuza alizeti yenyewe bila kuikamua. Mnaweza, lakini angalia ni lini. Mwezi wa Juni mavuno ya Kongwa, Chemba, Kondoa na Singida yote yako barabarani, na kila mwenye kinu ana magunia hadi mlangoni. Tuseme mwenzako wa jirani, akijua kwamba unatafuta fedha kabla ya Ijumaa, anakupa shilingi 50,000 kwa gunia ulilolinunua kwa 65,000. Magunia 900 yanakuletea milioni 45 badala ya milioni 58.5 zilizoandikwa kwenye vitabu, na bado hujalipa wapakiaji.

Hapa ndipo watunza vitabu wengi hukosea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Msomaji makini atauliza: ikiwa bei ya sokoni ni 50,000, kwa nini mizania inasema 65,000? Je, tumedanganya? Hamjadanganya. Kiwango namba 2 cha kimataifa cha uhasibu kinataka bidhaa ziandikwe kwa gharama yake, au kwa kiasi kitakachopatikana kwa kuziuza baada ya kutoa gharama za kuzikamilisha na kuziuza, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini kwa malighafi kinaongeza sharti: haishushwi thamani ikiwa kitu kitakachotengenezwa nayo kinatarajiwa kuuzwa kwa gharama yake au zaidi. Gunia lenu la kilo 65 linatoa karibu lita 17 za mafuta na kilo 40 za mashudu. Kwa bei zenu za sasa, shilingi 85,000 kwa dumu la lita 20 na shilingi 500 kwa kilo ya mashudu, hiyo ni kama shilingi 92,000. Ukitoa gharama ya kukamua na kufungasha, karibu 14,000 kwa gunia, inabaki 78,000, ambayo inazidi 65,000. Kwa hiyo kuliandika gunia kwa shilingi 65,000 ni sahihi kabisa.

Ni sahihi kwa kiwanda kinachoendelea kukamua. Kwa kiwanda kilicholazimika kuuza gunia lilivyo ili kulipa deni la Ijumaa, tarakimu hiyo haimwambii mtu chochote. Afisa mikopo hapingi hesabu zenu. Anajua tu zimejengwa juu ya dhana kwamba mashine inazunguka na wateja wanakuja, na kipimo chake kinaanzia mahali ambapo dhana hiyo imeondolewa.

Kuna sababu nyingine, ya vumbi na mikono, ambayo haionekani kwenye mizania hata kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuhesabu mali ya mfanyabiashara mmoja wa nafaka na alizeti katika mji ulio kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Uwiano wake wa muda mfupi ulikuwa mzuri kuliko wenu. Magunia ya mbele yalikuwa makavu na mepesi kuhesabika. Nilipoomba yashushwe yale ya nyuma, yaliyopangwa moja kwa moja juu ya sakafu na kugusa ukuta, mpakiaji akachoma bambo kwenye gunia la chini kabisa na kuivuta. Punje zilizotoka zilikuwa zimeshikana, nyeusi, na harufu ya uvundo ikajaa pale tulipokuwa tumesimama. Mistari miwili ya chini ilikuwa hivyo. Alizeti iliyoingiwa na unyevu hukamulika, lakini mafuta yake huwa na asidi nyingi na hayasafishiki kwa urahisi, na mnunuzi mzoefu huyakataa kwa kunusa tu. Fedha benki haiozi, na deni la mwenye duka lina jina la mtu wa kumfuata. Kwa magunia yale hapakuwa na wa kumfuata.

Kwa hiyo, kabla hujarudi benki, hesabu upya. Usihesabu magunia, pima kilo. Mliyonunua mwezi Mei yalikuwa na lumbesa, mengine bado yana unyevu wa shambani, na baada ya kukauka ghalani gunia lililoandikwa kilo 65 linaweza kusoma 61 au 62 kwenye mizani. Kilo 3 kwa magunia 900 ni kilo 2,700, zaidi ya magunia 40.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa maana afisa naye nina neno naye. Uwiano wa haraka wa 0.6 unawahukumu kwa ukali usio wa haki ikiwa atausoma peke yake, kwa sababu unaweka deni la Julai na deni la Oktoba katika kapu moja. Madeni ya milioni 30, yaani ya wakulima, madalali na kodi, yanadaiwa ndani ya Julai. Milioni 30 nyingine ni mkopo wa msimu, ambao tangu mwanzo ulitolewa ili ununue alizeti na ulipwe kwa mafuta yatakayotokana nayo. Kuuliza kama mkopo huo unaweza kulipwa bila kuuza bidhaa ni kuuliza swali ambalo benki yenyewe haikuliuliza ilipoutoa.

Tufanye hesabu ya miezi. Julai mnaanza na milioni 9. Katika wadaiwa wa milioni 27 nimeona milioni 6 zina umri unaozidi siku 90. Hizo usizihesabu kabisa, na ukizitoa uwiano wa haraka wenyewe unashuka hadi 0.5, kwani kipimo hiki kikali kwa bidhaa ni chepesi kupita kiasi kwa wadaiwa. Zinabaki milioni 21, tuseme zote zinakusanywa Julai. Mashudu ya mwezi, yanayouzwa taslimu kwa wafugaji, yanaleta kama milioni 4. Jumla milioni 34. Yanatoka milioni 22 za alizeti, milioni 8 za kodi na malimbikizo, na milioni 3 za umeme, mishahara na madumu. Mnabaki na milioni 1. Mwenye duka mmoja anayedaiwa milioni 5 akisafiri kwenda msibani na kurudi Agosti, mkulima mmoja atakosa fedha yake.

Kuanzia Agosti picha inageuka. Mafuta ya magunia 208 ni karibu madumu 175, yaani kama milioni 15 kwa mwezi, na fedha yake inaingia mwezi unaofuata. Agosti, Septemba na Oktoba mnapokea milioni 45 za mafuta na milioni 12 za mashudu, mnatumia milioni 9, na pamoja na ile milioni 1 mnafika tarehe 31 Oktoba mkiwa na karibu milioni 49, bila kugusa madumu 250 yaliyopo stoo leo wala tani 10 za mashudu ya zamani. Mkopo wa milioni 30 na riba yake unalipika. Tatizo lenu lina urefu wa mwezi mmoja, nalo haliko Oktoba anakolitazama afisa kwa sababu ya mkopo wake.

Tarehe ya mizania nayo inachangia. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ambayo kinu cha alizeti cha Dodoma huwa kimejaa magunia na kukauka fedha kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Kiwanda cha mikate kingekuwa na 0.6 hiyo hiyo kwa sababu tofauti kabisa, kwani mikate ya asubuhi ni fedha ya jioni, na ningemwambia mwenye nacho alale usingizi. Ndiyo maana zile kanuni za 2 kwa 1 na 1 kwa 1 unazozikuta katika vitabu vya shule ni za kukumbukia tu; hakuna sheria inayozidai, ingawa benki nyingine huandika kiwango chake katika mkataba wa mkopo, na hapo unapaswa kukisoma.

Pamoja na hayo, ombi la milioni 25 ningelikataa kama afisa alivyolikataa. Mkizipata na kununua alizeti, mali zinakuwa 151 na madeni 85: uwiano wa muda mfupi 1.78, ambao bado unapendeza machoni, na uwiano wa haraka 36 kwa 85, yaani 0.42. Magunia 385 ya ziada yatakaa nyuma ya 900 yanayosubiri zamu, na hayatakanyaga kinu kabla ya Novemba. Hadi wakati huo mtakuwa mmelipa riba kwa mali iliyolala, huku mkibeba hatari ya bei: bajeti inayosomwa Bungeni hapa hapa Dodoma kila Juni huweza kubadilisha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, na bei ya dumu lenu hufuata. Tena hakuna hata shilingi moja ya mkopo huo inayosaidia Julai, ambako ndiko mnakobanwa.

Litakalosaidia Julai liko stoo tayari. Toeni madumu 100 kati ya 250 na kuyauza taslimu kwa shilingi 80,000 badala ya 85,000. Gharama yake ni 72,000, hivyo bado mna faida, na milioni 8 zinaingia kabla wakulima hawajagonga mlango. Msifanye kinyume chake, yaani kuyasukuma madumu hayo kwa mkopo ili karatasi ipendeze. Mkiyauza 100 kwa mkopo kwa 85,000, bidhaa zinapungua kwa milioni 7.2 na wadaiwa wanaongezeka kwa milioni 8.5; uwiano wa haraka unapanda hadi 0.74 na hakuna senti iliyoingia. Afisa mzoefu hulitambua hilo kwa kulinganisha umri wa wadaiwa na mauzo ya wiki ya mwisho ya Juni, na akishalitambua, hata ile hesabu ya miezi niliyokuonyesha hataiamini.

Hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea. Iandike mwezi kwa mwezi, kuanzia Julai hadi Oktoba, ikionyesha magunia yanayokamuliwa, madumu yanayouzwa na siku fedha inapopokelewa, ukiambatanisha hati za kilo ulizopima na orodha ya wadaiwa kwa umri. Usiombe milioni 25 za kununulia. Omba nafasi ndogo ya kuchukua zaidi ya salio kwa siku 45, milioni 5 au 6, ya kuziba pengo la wadaiwa watakaochelewa. Na yale maboksi ya lebo zenye anwani yenu ya zamani, yaliyomo ndani ya milioni 4.5 za vifungashio na vipuri, yafute kwenye vitabu kabla hajayaona mwenyewe.